Kisogo si kitambulisho



Mnajua vile huwa. Klipu ya utekaji inaingia kwenye grupu, sekunde arobaini hivi, imepigwa kutoka dirisha la ghorofa ya pili. Wanaume wanne wanamsukuma kijana ndani ya gari. Wawili wamevaa boshori, wa tatu ana kofia na miwani ya jua, wa nne tunamwona kisogo tu. Kabla hata mama wa yule kijana hajafika kituo cha polisi kuandikisha OB, mtu keshaweka jina kwenye komenti. "Huyo wa miwani ni fulani, yuko stesheni fulani." Mwingine anatoa picha ya Facebook ya huyo fulani, anaiweka kando ya skrinishoti, na watu mia tatu wanasema ndiye kabisa, hata masikio yanafanana.

Mimi nasema jina hilo lisiandikwe. Wala si kwa sababu ya kuwaonea huruma watekaji. Sura ya nusu haina uwezo wa kubeba jina, na jina likibandikwa kwa nguvu mtu wa kwanza kufaidika ni yule aliyejificha nyuma ya boshori. Nitaeleza kwa kesi moja ambayo kila anayeshika simu angefaa kuijua, kisha turudi kwetu.

Tarehe 15 Aprili 2013, saa nane na dakika 49 mchana, mabomu mawili yalilipuka karibu na mstari wa kumalizia mbio za marathoni za Boston, Marekani. Watu watatu walikufa pale na wengine zaidi ya 260 wakajeruhiwa. Mahali penyewe palikuwa pamejaa simu na kamera, kwa hivyo picha zilikuwa maelfu. Kwenye mtandao wa Reddit watu walifungua uwanja maalum wa kuwasaka walipuaji. Walichofanya ni kupitia picha za umati, na kila aliyebeba begi mgongoni akazungushiwa duara jekundu.

Sasa fikiria, ni nani habebi begi kwenye mbio za marathoni? Lakini duara lina nguvu yake. Ukishaona uso ndani ya duara, unaanza kuuliza mbona haangalii wakimbiaji, mbona begi limening'inia vile, mbona anatazama upande ule. Na wengi waliozungushiwa duara hawakuwa Wazungu. Tayari siku ya kwanza mwanafunzi mmoja kutoka Saudia, ambaye yeye mwenyewe alijeruhiwa na bomu, alikuwa ameshatajwa kama mshukiwa na nyumba yake ikapekuliwa. Hakuwa na hatia yoyote. Tarehe 18 Aprili gazeti la New York Post likaweka ukurasa wa mbele picha ya vijana wawili waliobeba mabegi, na kichwa cha habari kilichowafanya waonekane kama ndio wanaosakwa. Mmoja alikuwa bado mwanafunzi wa sekondari. Hawakuhusika kabisa. Walilishtaki gazeti, na mwaka uliofuata kesi ikamalizwa kwa maelewano.

Jioni ya siku hiyo hiyo FBI ilitoa picha za washukiwa halisi wawili. Mmoja alikuwa na kofia nyeusi na miwani ya jua. Mwingine alikuwa na kofia nyeupe aliyoigeuza nyuma mbele. FBI haikutoa majina, kwa sababu haikuwa nayo. Iliuliza wananchi kama kuna anayewafahamu.

Usiku huo watu mitandaoni wakaanza kulitafuta jina wenyewe. Kulikuwa na mwanafunzi mmoja wa chuo, mwenye asili ya Kihindi, ambaye alikuwa amepotea tangu mwezi wa Machi na familia yake ilikuwa imefungua ukurasa wa Facebook kumtafuta. Mtu aliyesoma naye zamani akasema yule wa kofia nyeupe anafanana naye. Picha zikawekwa kando kwa kando. Pua ile, kidevu kile. Kisha mtu mwingine akaandika kwamba jina lake limetajwa kwenye redio ya mawasiliano ya polisi, na hapo hata waandishi wa habari wakaanza kulisambaza. Walioisikiliza rekodi ya redio hiyo baadaye hawakulipata jina hilo popote. Familia iliyokuwa ikimtafuta mtoto wao ilipokea matusi na vitisho hadi ikaufunga ule ukurasa. Siku chache baadaye mwili wake ulipatikana mtoni. Alikuwa amefariki kabla bomu hata halijalipuka. Reddit iliiomba familia msamaha hadharani.

Walipuaji walikuwa ndugu wawili, Tamerlan na Dzhokhar Tsarnaev. Jina la Tamerlan lilijulikana vipi? Hakuna aliyelisoma kwenye picha. Aliuawa usiku wa kuamkia tarehe 19 katika mapambano na polisi mtaa wa Watertown, na FBI wakalipata jina kwa alama za vidole vya maiti. Na mjue kwamba FBI hao hao walikuwa wamekaa na Tamerlan na kumhoji mwaka wa 2011. Walikuwa na faili lake. Walikuwa na picha zake za marathoni, na zilikuwa bora kuliko klipu nyingi tunazotumiana sisi. Ile kofia na miwani zilitosha kumficha kwa watu waliowahi kuketi naye meza moja.

Mashine nazo je? Mkuu wa polisi wa Boston alisema baadaye kwamba mfumo wa kutambua sura haukuwapata, ingawa picha za ndugu hao zilikuwa kwenye hifadhi za serikali. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan walijaribu tena mwaka huo huo. Walizichanganya picha za ndugu hao na picha milioni moja za watu wengine, kisha wakaipa mifumo kazi ya kuwatafuta. Mfumo mmoja ulimpata Dzhokhar akiwa wa kwanza kwenye orodha, kwa picha yake moja nzuri ya mahafali. Yeye kofia yake ilikuwa imegeuzwa nyuma, uso uko wazi. Tamerlan mwenye miwani na kofia hakuna mfumo uliomweka karibu na juu. Na mwaka wa 2020, wakati wa korona, taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilipima mifumo 89 kwa picha za watu zilizochorewa barakoa. Iliyo bora kabisa, ambayo bila barakoa hukosea mara tatu hivi katika elfu moja, ilikosea karibu mara 5 katika 100. Mingine mingi mizuri ilikosea kati ya mara 20 na 50 katika 100. Na hapo mashine zilikuwa zinalinganisha picha za mbele, zenye mwanga mzuri, za watu waliotulia. Klipu ya dirishani haiko hivyo.

Lakini kuna waliomtambua Dzhokhar kwenye picha za FBI. Ni rafiki zake wa chuoni, waliomjua vizuri. Waliona zile picha na wakashtuka, na mmoja akamtumia ujumbe. Tofauti hii ndiyo kiini cha jambo lote. Jicho la binadamu ni hodari sana kwa sura inayoijua na dhaifu sana kwa sura ngeni. Mwaka wa 1999 watafiti wa Uskoti walichukua video mbovu za kamera ya ulinzi, za wahadhiri wakiingia jengoni. Wanafunzi waliofundishwa na wahadhiri hao waliwatambua bila shida. Wageni walikosea ovyo, na maafisa wa polisi wenye uzoefu wa kazi ya kutambua watu hawakufanya vizuri kuliko wageni wengine. Watafiti walipoficha sehemu moja moja kwenye video, kuficha mwili ama mwendo hakukuharibu sana. Kuficha kichwa ndiko kulikoharibu. Kwa hivyo yule anayesema "namjua kwa vile anatembea" anategemea kitu kidogo kuliko anavyodhani, hata kama ni kweli anamjua mtu huyo. Na yule aliyesoma zamani na mwanafunzi aliyepotea alikuwa anamjua pia. Alikosea.

Hebu tufanye hesabu kidogo, ya kudhania tu. Tuseme klipu inaonyesha mwanamume mrefu kiasi, ndevu fupi, kofia na miwani myeusi. Tuseme maelezo hayo yanamfaa mtu mmoja tu katika kila 500. Inaonekana ni adimu, sivyo? Kaunti ya Mombasa ilihesabiwa watu zaidi ya 1,200,000 kwenye sensa ya 2019. Gawanya kwa 500, unapata watu 2,400. Wote hao "ni yeye kabisa". Na kisogo kinatoa hata kidogo zaidi ya hapo, maana unapata nywele zilivyonyolewa, masikio yalivyokaa, upana wa mabega, basi. Urefu wenyewe hubadilika na viatu, na kuinama, na kamera ilikokuwa. Ukivuta picha ili uone karibu, simu haiongezi chochote ambacho kamera haikukinasa, inakuza tu viboksi vya rangi. Zile app za kusafisha sura ndizo mbaya zaidi, kwa sababu palipokuwa na ukungu zinachora macho na pua zilizojifunza kutoka kwa nyuso za watu wengine. Uso unaotoka pale ni safi na haujawahi kuwa wa mtu yeyote aliyekuwepo.

Sisi tunalijua hili kutoka upande wa pili, na hapa ndipo huwa nakasirika kidogo. Ni vijana wetu wangapi walisimamishwa kwa sababu "anafanana na yule kwenye picha"? Kanzu, ndevu, barakashia, dada mwenye nikabu. Kwa macho ya mgeni hivyo vyote vinafuta uso na kuacha aina ya mtu. Baada ya Westgate mwaka wa 2013 mashahidi kadhaa walisema waliona mwanamke wa Kizungu miongoni mwa washambuliaji, na magazeti ya dunia nzima yakampa jina la mwanamke mmoja Mwingereza. Picha za kamera za jengo zilipoangaliwa walionekana wanaume wanne. Mwanamke huyo alikuwa tayari anasakwa kwa kesi nyingine, kwa hivyo jina lilikuwa karibu na mdomo, na jina lililo karibu na mdomo ndilo linalobandikwa. Hatuwezi kuukataa mtindo huu ukija kwetu na kuutumia ukielekea kwa wengine.

Mahakama za huku zililishughulikia jambo hili zamani. Mwaka wa 1953, katika kesi ya Abdalla bin Wendo, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisema ushahidi wa mtu mmoja wa kumtambua mshtakiwa lazima upimwe kwa uangalifu mkubwa, hasa ikiwa mazingira ya kuona yalikuwa magumu. Katika Maitanyi dhidi ya Jamhuri, mwaka wa 1986, majaji wa Kenya walisema haitoshi shahidi kusema kulikuwa na taa. Uliza taa ya aina gani, kali kiasi gani, ilikuwa wapi ukilinganisha na mshukiwa. Na kesi ya Kiingereza ya Turnbull ya miaka ya sabini, ambayo mahakama zetu huitaja sana, inauliza shahidi alimtazama mtu kwa muda gani, kwa umbali gani, kulikuwa na kitu kilichozuia, aliwahi kumwona kabla na mara ngapi. Inaonya pia kwamba hata kumtambua ndugu ama rafiki wa karibu watu hukosea.

Chukua maswali hayo uyaweke kwenye klipu yetu ya mwanzo. Muda ni sekunde arobaini, lakini wa miwani anaonekana akigeuka kwa sekunde mbili. Umbali ni ghorofa ya pili hadi barabarani, kutoka juu, kwa hivyo kofia imefunika paji la uso. Macho hayaonekani kabisa. Aliyeandika komenti aliwahi kumwona huyo afisa lini? Mara moja, kwenye kizuizi cha barabarani, mwaka jana. Wa kisogo na wale wa boshori hakuna swali hata moja linalojibika. Wakili yeyote wa mwaka wa kwanza anaibomoa kesi hiyo kabla ya chai ya saa nne.

Na sasa lile nililosema mwanzo, kuhusu anayefaidika. Kesi ya utekaji ikifika mbali, shahidi aliyekuwa pale barabarani, aliyewaona watekaji wakivua boshori ndani ya gari labda, ataitwa kwenye gwaride la utambulisho. Kanuni za polisi zinataka mshukiwa asimame na watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa umri, urefu na sura. Gwaride lina maana ikiwa shahidi anachagua kutokana na kumbukumbu ya siku ile. Kama picha ya huyo afisa imezunguka kwenye simu za mtaa mzima kwa wiki mbili, shahidi atamchagua, ndiyo, lakini hakuna atakayejua kama anakumbuka barabara ama anakumbuka posti yetu. Wakili wa utetezi atauliza swali moja tu. "Uliiona picha hii mtandaoni?" Shahidi mkweli atasema ndiyo. Tumemharibia shahidi pekee tuliyekuwa naye.

Upande wa pili, kama jina ni la mtu asiye, yule afisa halisi amepata zawadi. Macho yote yako kwingine, na msemaji wa polisi ataonyesha kwa furaha kwamba fulani alikuwa likizo Kakamega siku hiyo, na kwa hivyo "habari zote za utekaji ni uzushi wa mitandaoni". Kosa moja la jina linatumika kuizika klipu nzima, ambayo ilikuwa ya kweli.

Mtu atasema: basi tunyamaze? Wanaficha nyuso makusudi, gari namba zimefunikwa, na wewe unatuambia tusiseme kitu? Hoja hii nzito, siidharau. Mwaka wa 2024 Mahakama Kuu ilitoa amri kwamba polisi wanaosimamia maandamano wavae sare na wasifiche nyuso, na sote tumeona vile amri hiyo imeheshimiwa. Lakini dawa ya uso uliofichwa ni kumbana aliyeuruhusu ufichwe. OCS wa eneo ana jina, kamanda wa kaunti ana jina, na hayo hayahitaji kukisiwa kutoka kwenye masikio. Swali la "ni nani alituma watu waliofunika nyuso hapa saa hii" linajibiwa kwa rekodi za kazi, za magari na za simu, na mahakama inaweza kuzidai.

Angalieni BBC walivyofanya kuhusu mauaji ya pale Bunge tarehe 25 Juni 2024. Walipitia picha na video zaidi ya elfu tano. Askari mmoja waliyemfuatilia picha kwa picha walionyesha alikosimama, silaha, na risasi ilikoelekea. Lakini uso wake ulikuwa umefunikwa, kwa hivyo hawakumpa jina. Walisema ni wa kikosi gani, wakaishia hapo. Na kuishia hapo hakukupunguza uzito wa waliyoyaonyesha. Kulisaidia, kwa sababu hakuna aliyeweza kuwaonyesha jina la mtu aliyesingiziwa.

Sura ya nusu ina kazi moja inayoiweza vizuri, nayo ni kumtoa mtu. Kama kisogo kwenye klipu kina nywele ndefu na aliyetajwa ana kipara tangu mwaka jana, huyo ametoka. Kama wa kwenye video anashika silaha kwa mkono wa kushoto na kuna chale wazi mkononi, na aliyetajwa hana, ametoka. Tofauti moja ya uhakika inatosha kumtoa mtu, lakini kufanana kumi hakutoshi kumwingiza. Hata nguo adimu inakutambulisha nguo tu. Jaketi lile lile linaweza kuwa limevaliwa na watatu, na namba ya gari inakupa gari, haikupi dereva.

Kwa hivyo klipu ikikufikia, ama ukiirekodi mwenyewe, andika unachoona kama unamweleza mtu asiyeona. Mwanamume wa kwanza, boshori nyeusi, koti la kijivu lenye mstari mweupe mkononi, viatu vya buti rangi ya udongo, alishuka mlango wa nyuma kushoto. Andika maneno yaliyosikika, kwa lugha waliyotumia. Andika mahali, tarehe, saa, na ulikuwa umesimama wapi. Faili lenyewe liache kwenye simu iliyorekodi, usilikate wala kuliwekea muziki, na ukilituma litume kama dokumenti, kwa sababu WhatsApp ikilituma kama video ya kawaida inalibana na kulipunguzia ubora. Mahakamani litahitaji cheti cha ushahidi wa kielektroniki chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, na anayeweza kukitoa vizuri ni yule aliyerekodi, si aliyepokea kutoka grupu la tano.

Na kama wewe kweli unamjua wa kwenye klipu, si kwa kuona mara moja bali ni jirani ama mlisoma pamoja, usiandike komenti. Liandike jina kwenye karatasi kabla hujasoma komenti za wengine, weka tarehe, eleza unamjua vipi na umemwona mara ngapi, na umetambua sehemu gani hasa ya sura. Ipeleke hiyo karatasi kwa wakili wa familia ama IPOA. Wakili akitaka kuipima, atamwonyesha mtu mwingine anayemfahamu huyo mtu, bila kumtajia jina, picha kadhaa za watu wanaofanana pamoja na klipu, na kumruhusu kusema "hayupo hapa". Wawili wakifika kwenye jina moja bila kuongea, wakili ana mahali pa kuanzia. Akitoka hapo ndipo anatafuta rekodi ya zamu, laini ya simu ilikuwa wapi saa ile, na gari lilichukuliwa na nani.